Kafu yenye dhuma

Barua yenyewe ni karatasi moja, mistari kumi na tisa, khati ya Kiarabu, lugha ya Kiswahili. Iliandikwa Unguja mwezi wa Rajabu 1345, yaani Januari 1927, ikaletwa Mombasa kwa babu yake shangazi yangu. Ilikaa ndani ya kasha hadi Shangazi alipohama nyumba, akanikabidhi na kusema, "Wewe si unajua kuisoma khati ya kale? Niandikie kwa herufi za kizungu, wajukuu waone."

Kabla sijaifungua akanisimulia kisa chake. Babu alikuwa na dada aliyeolewa Unguja. Wajukuu wa dada huyo wanadai kwamba nyumba ya Babu ilijengwa kwa fedha za bibi yao. Shangazi anasema kinyume: bibi huyo ndiye aliyekuwa akikopa kila leo, na Babu ndiye aliyekuwa akilipa. Pande hizo mbili zimeacha kualikana harusi tangu mimi mdogo.

Nilimaliza kunakili jioni ile ile. Nilijivunia kasi yangu. Kiswahili kilisomeka vizuri, nukta na mikato iko mahali pake, na katika mstari wa kumi na moja palisomeka: "Dada yako amekopa rupia 20 kwa nahodha." Shangazi alifurahi sana. Akapiga picha ukurasa wangu na picha ya barua, akavituma Unguja.

Siku ya pili nikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa binamu nisiyewahi kuonana naye, mtu mzima, mwalimu wa chuoni. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, umeandika *amekopa*. Mimi hapa naona *amekupa*. Tafadhali nionyeshe hiyo *o* umeiona wapi."

Nilirudi kwenye karatasi kuitafuta. Haikuwepo. Wala *u* haikuwepo.

Kwa asiyeijua khati hii, mambo yako hivi. Kiarabu kina irabu tatu fupi: fataha juu ya herufi husomwa *a*, kasira chini yake husomwa *i*, dhuma juu yake husomwa *u*. Kiswahili kina irabu tano. Waandishi wetu walizigawa kama walivyoweza: kasira ikabeba *i* na *e*, dhuma ikabeba *u* na *o*. Konsonanti nazo zilibeba mizigo. Be moja husomwa *b*, *p*, na mara nyingi *mb*, kwa sababu nuni na mimu zinazotangulia konsonanti nyingine ziliachwa bila kuandikwa. Wapo waandishi walioweka nukta tatu chini ya be ili iwe *p*, kama Waajemi wanavyofanya, lakini si wote. Msomaji wa zamani hakusumbuka, maana alikuwa anaijua lugha na mara nyingi alikuwa anayajua hata mambo yenyewe. Barua ilimkumbusha zaidi ya kumweleza.

Sasa lichukue neno letu. Alifu yenye fataha, mimu yenye kasira, kafu yenye dhuma, be yenye fataha. Ukilisoma *amekupa*, dada amempa Babu rupia. Ukilisoma *amekopa*, dada amechukua mkopo. Ni herufi zile zile na alama zile zile, na hakuna kioo cha kukuza kitakachozitenganisha. Hata *amekumba* imo humo, ingawa rupia hazikumbwi.

Mimi nilikuwa nimeandika nilichosimuliwa na Shangazi kabla ya kuifungua barua. Kibaya zaidi, nilikuwa nimeandika kwa namna ambayo mtu asiyeiona barua asingeweza kamwe kujua kwamba kulikuwa na njia panda.

Nikaanza upya, safari hii kwa kanuni. Kila kasira niliiandika *i*, kila dhuma *u*, kila be *b*, bila kujali maana. Palipo na nuni niliandika *n*, pasipo nayo sikuiongeza. Mstari wa barua unapoishia, wangu nao unaishia, hata kama neno limekatika. Nilichokisoma kwa akili yangu nilikiweka kwenye safu nyingine, mbali. Safu ya kwanza ikatoka hivi: "dada yaku amikuba rubia". Shangazi alipoiona alicheka hadi akakaa chini. "Hii lugha gani? Kibaniani?"

Ni kazi inayouma mkono. Jicho linajua neno ni *rupia*, na kidole kinataka kuandika *rupia*. Mara tatu niligundua nimeandika *p*. Dawa niliyoipata ni kunakili mstari kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza, ili maana isinivute. Kisha nikaulinganisha na karatasi siku nyingine, kwa kuhesabu: nukta ngapi juu, nukta ngapi chini, alama ngapi za irabu. Kama karatasi ina nukta ishirini na mimi nina herufi zinazohitaji ishirini na mbili, basi mbili nimezizua.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifichulia makosa mengine niliyoyafanya jioni ile ya kwanza kwa jina la usafi.

Katika mstari wa nne nilikuwa nimeandika "njia". Karatasi haina jimu pale. Ina dali yenye kasira, kisha ye: *dia*, ambayo husomwa *ndia*. Nilikuwa nimeisahihisha kwa Kiswahili cha shuleni bila hata kuhisi mkono wangu ukifanya hivyo. Sasa, *ndia* ni neno la Mombasa na kwenda juu hadi Lamu. Mtu wa Unguja angesema *njia*. Nyumbani tumeambiwa siku zote kwamba barua iliandikwa na mume wa dada, Mwunguja wa kuzaliwa. Dali moja haitoshi kulivunja simulizi hilo, maana watu huoana, huhama na kuigana maneno. Lakini ni ushahidi, na mimi nilikuwa nimeufuta nikidhani nasaidia.

Katika mstari ule ule wa kumi na moja, kabla tu ya neno letu, kuna kitu kilichokatwa kwa wino. Chini ya mkwaju zinaonekana alifu na lamu, basi. Nakala yangu ya kwanza haikuwa nacho. Nilikiona ni uchafu. Huenda mwandishi alianza *alikupa*, au *alikopa*, akabadilisha wakati wa kitendo. Haitusaidii kuchagua, ila inatuambia kwamba mkono ulisita hapo hapo tunapogombea sisi. Sasa imo, ndani ya mabano ya mraba: [limekatwa: al].

Baada ya fedha kuna kunjo. Karatasi imekaa imekunjwa karibu miaka mia, na kunjo limekula katikati ya mstari. Nilikuwa nimeliruka kimya kimya, nikaunganisha "kwa" na "nahodha" kana kwamba yanafuatana. Hayafuatani. Kati yake pana nafasi ya herufi sita hivi, nikipima kwa upana wa maandishi ya mstari wa juu. Sita zinatosha kuwa "mkono wa". Kama ni hivyo, fedha zilipitia kwa nahodha, na *amekupa* inapata nguvu. Zinatosha pia kwa jina la mtu au kwa neno tusilolijua. Nikaandika [pengo, herufi 6 hivi], na nikajizuia kulijaza.

Halafu kiasi chenyewe. Katika tarakimu za Kiarabu sifuri ni nukta. Niliona mbili na nukta, nikaandika 20. Binamu wa Unguja aliuliza kama hakuna nukta ya pili, kwani kwenye picha yeye aliona mbili, na 200 ni jambo jingine kabisa. Nikaishika karatasi mbele ya dirisha. Nukta ya kwanza ilizuia mwanga: wino. Ya pili ilipitisha: tundu la mdudu. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, kisha nikafikiri kwamba mdudu hachagui pa kula, na anaweza kula karatasi pamoja na nukta iliyokuwa juu yake. Nikachunguza kingo za tundu kwa kioo, nikitafuta weusi uliobaki. Sikuuona. Sikuthubutu kuandika zaidi ya nilichokiona: 20[tundu].

Huenda msomaji akauliza kama hakuna namna nyingine ya kuamua kati ya *u* na *o*. Kwenye ushairi mara nyingine ipo. Mwalimu Sikujua, aliyemnakilia W. E. Taylor mashairi ya Muyaka kule Mombasa katika karne ya 19, alikuwa na vina na mizani vya kumshika mkono. Neno likisomwa vibaya, kina kinaweza kulia. Barua haina vina. Kilichobaki ni tabia ya mwandishi mwenyewe. Nilizikagua be zote kwenye mistari kumi na tisa, nikitumaini kukuta hata moja yenye nukta tatu. Zote zina nukta moja. Nilizikagua dhuma zote: kwenye maneno ambayo lazima yawe na *o*, kama *yako* na *moyo*, je, aliziandika kwa umbo tofauti, labda kubwa zaidi au iliyogeuzwa? La. Dhuma zake ni ndogo, za haraka, zote sawa.

Nilizituma safu zote mbili kwa pande zote mbili. Katika safu ya usomaji, kwenye neno lile, niliandika *amekupa* na *amekopa*, moja chini ya nyingine. Binamu alijibu, "Ahsante." Shangazi hakujibu. Baada ya siku mbili akapiga simu.

"Macho yangu hayaoni maandishi madogo," akasema. "Nisomee huo mstari wa fedha."

Nikaanza. Dada yako. Nikasema kuna neno limekatwa. Kisha nikakwama, maana kwenye karatasi nilikuwa nimeweza kuyaweka yote mawili, lakini mdomo hutoa sauti moja. Nikisema *u* nimehukumu, nikisema *o* nimehukumu.

"Umenyamaza," akasema Shangazi.

"Nakutajia herufi, Shangazi. Soma wewe."

Amesoma chuoni akiwa mtoto, Mji wa Kale, na kuendeleza herufi hakujamtoka. Nikataja: alifu fataha. "A," akasema. Mimu kasira. "Mi. Au me. Haya." Kafu dhuma. Nikasikia akivuta pumzi, kisha redio ya jirani yake, kisha tasbihi ikigonga meza.

"Na hiyo be," akauliza, "ina nukta ngapi?"

"Moja."

"Zingine?"

"Zote moja moja."

Akakaa kimya tena. Kisha akaniuliza kama ninayo namba ya simu ya yule mwalimu wa Unguja, si ya ujumbe, ya kupiga.