Hadithi ya Faili na Hadithi ya Shule

Hapa kambini hakuna mtu mzima ambaye hajawahi kuketi mbele ya meza akiulizwa maswali. Tulihojiwa siku ya kuandikishwa, tukahojiwa tena kuhusu sababu za kukimbia, na wengine walihojiwa mara ya tatu na ya nne kwa ajili ya kuhamishwa nchi ya tatu. Kwa hiyo kijana akiitwa kwenye intavyu ya skolashipu, anajua tayari namna ya kuketi, namna ya kujibu, na anaijua hadithi yenyewe: siku gani vita vilifika, nani alikufa, tulipita wapi, tulivuka mpaka usiku au mchana. Anaitoa ile ile.

Mimi nafanya kazi ya vijana kwa insentivu hapa Kakuma. Kila msimu wa maombi, wa DAFI au wa WUSC, jioni zangu zinaisha kwenye benchi nikisikiliza watu wakijizoeza. Tatizo ninaloliona mara nyingi si Kiingereza wala woga. Ni kwamba mtu anaingia na hadithi ya faili, wakati wale walio mbele yake wanataka hadithi ya shule.

Hizo hadithi mbili zinatofautiana kabisa. Ya faili inauliza kama uko hatarini, na kila tukio linasimuliwa kama kitu ulichotendewa. Ya shule inauliza ulisoma nini, ulikwama wapi, ulifanya nini ulipokwama, na kwa nini kozi hii si nyingine. Aliye kwenye paneli ana fomu mbele yake na anajua kuwa wewe ni mkimbizi, kwa sababu wote walioitwa ni wakimbizi. Ukitumia dakika nne za kwanza kumthibitishia hilo, umemweleza jambo ambalo haliwezi kukutenganisha na aliyetoka mlangoni sasa hivi.

Nieleze kwa mfano wa dada mmoja wa Kakuma 3, mwenyewe ameniruhusu ila jina tuliache. Alizaliwa Rutshuru, Kivu ya Kaskazini. Mwaka 2012, vita vya M23 vilipoenea upande ule, alikuwa darasa la nne la msingi. Mwaka mzima wa 2013 alikuwa Uganda na hakusoma. Alifika Kakuma mapema 2014, akarudishwa darasa la tatu kwa sababu alijua Kifaransa kidogo na Kiswahili, lakini Kiingereza hakuna. Akafanya KCPE 2019 na KCSE 2023, akapata B-. Kiswahili A-, Historia B+, Hesabu D+. Aliomba ufadhili wa shahada ya ualimu.

Mara ya kwanza nilipomwambia, "Haya, tueleze kuhusu wewe," alianza na mlio wa risasi. Alilia kidogo, nasi wote kwenye benchi tukanyamaza. Alipomaliza nikamuuliza mwenzake aliyekuwa pembeni: huyu anataka kusomea nini? Hakujua. Kweli hakulitaja.

Basi tulichukua daftari, ukurasa mmoja, tukachora mistari mitatu ya kusimama. Upande wa kwanza mwaka, wa pili nilikuwa wapi na darasa gani, wa tatu nilifanya nini nje ya darasa. Tukaanza 2009, mwaka alioingia darasa la kwanza, hadi mwaka wenyewe. Sheria ilikuwa moja: hakuna mwaka unaoachwa wazi. Hata kama hukusoma, andika ulichokuwa ukifanya. Mwaka 2013 alisema, "Sikufanya kitu." Tukakaa. Baadaye akakumbuka kwamba alikuwa akiwasomea majirani karatasi za klinikini kwa sababu wazee hawakujua kusoma. Mwaka 2020 shule zilifungwa Machi kwa ajili ya korona, naye ndio kwanza alikuwa ameanza kidato cha kwanza, hakurudi darasani hadi Januari 2021. Hapo aliandika kwamba alikusanya watoto sita wa ploti yao na kuwafundisha kusoma. Hakuona kama ni jambo la kutaja, eti walikuwa wadogo zake na majirani tu.

Ukurasa ulipojaa, uzi ulionekana wenyewe. Msichana aliyerudishwa darasa kwa sababu ya lugha, si kwa sababu ya akili, halafu kila alipokaa bila shule alijikuta akimsomea au akimfundisha mtu mwingine. Hiyo si hadithi niliyomtungia. Ilikuwa pale kwenye ukurasa, na anayeulizwa "kwa nini ualimu" akiwa na ukurasa ule kichwani hawezi kusema "kwa sababu napenda kusaidia jamii yangu," jibu ambalo paneli imelisikia asubuhi nzima.

Swali la kwanza tukalifupisha hadi dakika mbili, tukipima kwa simu. Intavyu yenyewe ni Kiingereza, lakini tulilipanga kwanza kwa Kiswahili ili mpangilio ukae, ndipo akalisema kwa Kiingereza. Hivi ndivyo lilivyokuwa: "Nilianza shule Rutshuru kwa Kifaransa na nikasoma hadi darasa la nne. Nilipofika Kakuma 2014 nilirudishwa darasa la tatu ili nijifunze Kiingereza, na miaka mitano baadaye nikafanya KCPE pamoja na waliozaliwa ndani ya lugha hiyo. Nimemaliza KCSE 2023 kwa B-, nikafanya vizuri zaidi Kiswahili na Historia. Tangu hapo nafundisha madarasa ya chini kwa insentivu, na kila muhula napokea watoto waliokuja kama mimi, wanaojua jibu lakini hawana lugha ya kulisemea. Nataka kusomea ualimu wa Kiswahili na Historia ili niwafundishe nikiwa na ujuzi, si kwa kubahatisha." Vita vimo ndani, ila havikuchukua kiti cha mbele. Paneli ikitaka kujua zaidi juu ya safari itauliza, na yeye atajibu.

Watu wengine wananiuliza: nikiacha sehemu za kukimbia, si wataona naficha, au maneno yangu hayalingani na faili? Kufupisha si kubadilisha. Mwaka na mahali lazima viwe vile vile ulivyovisema siku zote. Ndiyo maana ule ukurasa unaandikwa ukiwa na karatasi zako zote mkononi, cheti kwa cheti, manifesti ya familia ikiwa juu.

Na hapo kwenye karatasi ndipo Wakongo wengi tunapata taabu. Kwetu mtu ana nomu, postinomu na prenomu. Ukifika hapa, mwandikishaji mmoja anaanza na prenomu, shule inaacha postinomu kwa sababu nafasi kwenye fomu ni mbili, na L inageuka R. Huyu dada jina lake kwenye cheti cha KCSE lilikuwa na maneno mawili, kwenye manifesti matatu, na mpangilio umegeuka. Tena tarehe ya kuzaliwa: mamake hakukumbuka siku siku ile ya kuandikishwa, wakaandika 1 Januari, wakati shule ilikuwa na tarehe ya Agosti. Usingoje paneli igundue. Tulienda akaapa afidaviti kwa kamishna wa viapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, akaweka nakala kwenye faili lake, na tukazoeza sentensi moja ya kulieleza bila kuomba msamaha, maana hakuna aliyekosea kwa makusudi.

Swali lililomtisha lilikuwa D+ ya Hesabu. Jibu lake la kwanza lilikuwa kumlaumu mwalimu, la pili kuilaumu korona. Yote yana ukweli, lakini jibu la namna hiyo linaishia kwa mtu mwingine, na paneli inabaki bila kujua wewe ulifanya nini. Tukaligawa sehemu tatu fupi. Kilichotokea: karibu mwaka mzima bila darasa, kisha mihula iliyofupishwa ili kufidia. Alichofanya: kidato cha tatu alijiunga na kikundi cha marudio cha Jumamosi, akapanda kutoka E hadi D+. Maana yake kwa kozi: anayetaka kufundisha sekondari anahitaji angalau C+ katika masomo mawili atakayoyafundisha, na yeye ana A- na B+. Sekunde arobaini, basi, unanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kusema. Wengi wakishamaliza jibu zuri wanaendelea kuongeza mpaka wanaliharibu.

Kuhusu mazoezi yenyewe: usikariri. Aliyekariri nampima kwa kumkatiza katikati na kumuuliza kitu kidogo, kwa mfano, "Hiyo ilikuwa shule gani?" Akijibu halafu akarudi mwanzo wa hotuba yake, amekariri. Akijibu na kuendelea mbele, anaijua hadithi. Badala ya maneno, shika vigingi vitano au sita: mwaka, mahali, tokeo moja, tukio moja, kozi. Tulikaa watatu mbele yake, mmoja akiandika bila kumtazama, mmoja akitazama simu, mmoja akiuliza maswali bila mpangilio. Alikasirika mara ya kwanza, "Mbona hamnisikilizi?" Lakini hata paneli huandika, na ukiona mtu ameinama unaweza kudhani umeshafeli. Alijirekodi kwa simu mara tatu kwa wiki, akajisikia akisema "yaani" kila sentensi. Liliisha siku ya nne bila mimi kusema lolote.

Swali la mwisho kwa kawaida ni utafanya nini ukimaliza, na hapa lazima ujue umeomba nini. WUSC inakupeleka Kanada ukiwa mkazi wa kudumu, kwa hiyo wanataka kujua utaishije mbali na ndugu, kwenye baridi, kwenye chuo ambacho wanafunzi wenzako ndio waliochanga ili uje. DAFI, inayofadhiliwa hasa na Ujerumani tangu 1992, inakusomesha katika nchi uliyokimbilia. Ukiwaambia utaajiriwa Nairobi mara moja, wanaojua watakuuliza kuhusu kibali cha kazi cha daraja M, na ukikaa kimya itaonekana ulikuwa unaota. Huyu dada alijibu kwamba ataanza katika shule za hapa anakofundisha tayari, huku akiomba kibali, na kwamba Kongo kukitulia, mwalimu anayejua Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza atakuwa na kazi Rutshuru pia.

Nanyi wa mashirika mnaosoma hapa, nina ombi dogo. Wale ambao hamkuwachukua, waambieni sababu, hata kwa mstari mmoja. Ujumbe wa simu unaosema "hukufaulu" hauonyeshi kama tatizo lilikuwa gredi, karatasi au jibu, na kijana anarudi kwenye benchi langu mwaka unaofuata akiwa na ukurasa ule ule.

Dada yetu aliingia saa nne asubuhi, paneli ya watu watatu, akatoka baada ya dakika ishirini na tano. Walimkatiza kwenye mwaka 2013. Aliwaambia kuhusu karatasi za klinikini, akaendelea na 2014.