Skuli Imefungwa, Mvua Iwe Somo

Juzi wazazi tuliletewa tangazo: maji yameingia madarasani, vyoo vimefurika, skuli imefungwa mpaka tutakapoarifiwa. Watoto wasichezee maji yaliyotuama, na tuwasomeshe nyumbani. Hilo la maji tulishike sana, kwani maji yaliyochanganyika na ya vyoo huleta kipindupindu.

Kwa masomo, nilitafuta kopo lililonyooka kuanzia chini hadi juu, nikaliweka uani, mbali na mti na michirizi ya bati, maana michirizi hiyo huongeza kipimo. Kila asubuhi binti yangu wa darasa la tano huchovya kijiti kikavu, hupima palipolowa kwa futi yangu ya kushonea, huandika milimita, kisha humwaga maji na kulirudisha kopo.

Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Bati la chumba changu cha cherehani limefunika mita 4 kwa 5, yaani mita mraba 20. Siku aliyopata milimita 30, alizidisha 20 kwa 30, akapata lita 600. Ni ndoo 30 za lita 20, kwa chumba kimoja tu!

"Mama, na ya mtaa mzima yanapita wapi?" akaniuliza. Tukatazama mtaro, umeziba kwa chupa na taka. Tunamuomba Allah mvua yenye manufaa, na mitaro tuizibue wenyewe.