Sombe ya Bonane

Saa ya Uvira na saa ya Malawi ni moja. Kwa hiyo tarehe 1 Januari, ikifika saa nane ya mchana hapa Dzaleka, najua kabisa kwamba mama anapakua chakula. Ndugu yangu aliye Amerika anasema yeye wakati huo amelala. Mimi niko macho, na najua dakika yenyewe wanapokaa chini.

Nilifika hapa 2019, peke yangu, nikiwa na miaka 19. Leo nafanya kazi na vijana kambini: mpira, mazungumzo, kuwafuata nyumbani wale walioacha shule. Siku za kazi sijisikii mpweke. Shida ni sikukuu. Kwetu Noeli ni ya kanisa, lakini Bonane ni ya sahani. Mama anatwanga sombe toka asubuhi, anaitia mawese na ndagala wa ziwa Tanganyika, halafu watoto wote tunazunguka sahani moja na bugali ya muhogo. Anayechelewa kunawa anakuta mchuzi tu.

Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaingia mitaa ya Uvira. Watu wetu walipona, ila nyumba ya udongo ilikwenda, na kinu cha mama pia. Bonane iliyofuata nilipiga simu.

“Mutoto wangu, umekula nini?”

“Mchele na nyama, mama.”

Nilikuwa nimekula nsima na majani ya maboga, nimefunga mlango ili majirani wasinione. Posho ilikuwa imepunguzwa, na pesa yangu ya kujitolea nilikuwa nimeituma nyumbani. Mama naye akasema, “Siye tumekula sombe, tumeshiba.” Baada ya wiki mbili dada yangu akaniambia ukweli: pesa ililipa kodi ya nyumba. Sombe haikuwepo, walikunywa uji. Basi mimi na mama tulikuwa tumelishana uongo.

Mwaka uliofuata nikasema nitapika mwenyewe. Niliomba ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda minibasi mpaka Lilongwe, kama kilomita 45. Pale soko la mji nilinunua majani ya muhogo, wenyeji wanayaita chigwada, na usipa, samaki wadogo wa ziwa Malawi, kwa sababu wanafanana na ndagala. Mawese nilipata hapa hapa Dzaleka, kachupa kadogo, kwa duka la Mkongomani. Kinu niliazima kwa mama mmoja Mrundi jirani yangu.

Nilitwanga mpaka mikono ikavimba. Halafu nikagawanya majani sehemu mbili, nikabandika ya kwanza, nikafunika sufuria ili makaa yasiishe haraka. Baada ya saa moja nikaonja. Chungu! Nikapiga simu Uvira.

“Ulifunika sufuria?” Mama alicheka sana, kisha akawa mkali. Akanieleza kwamba majani mabichi ya muhogo yana sumu. Kutwanga kunaifungua, kuchemsha kunaitoa pamoja na mvuke, na mfuniko unairudisha ndani. Chemsha wazi, mwaga maji ya kwanza, tia mengine, acha zaidi ya saa mbili. Mawese na samaki ni mwisho kabisa. Na ukisikia bado ni chungu, usimpe mtu.

Halafu akanyamaza. “Kwa nini huyajui haya? Si uliniambia kila Bonane unakula vizuri?”

Nikamwambia. Mlango uliofungwa, majani ya maboga, yote. Naye akaniambia juu ya uji. Tulilia kidogo, yeye wa kwanza.

Sufuria ya kwanza niliimwaga, inauma lakini niliimwaga. Ya pili nilichemsha wazi, makaa yakaisha, jirani akaniongezea. Nikawaita vijana wanne wa kikundi changu ambao hawana mzazi hapa kambini. Tulikula sahani moja, saa kumi badala ya saa nane. Usipa si ndagala, wote walisema hivyo, na wote walilamba vidole. Mmoja aliniuliza kama mwaka ujao tutafanya tena. Tumefanya tena kila mwaka, na sasa kila mmoja analeta kitu: mmoja makaa, mwingine chumvi.

Bado saa nane inanichoma. Sahani yetu haiondoi sahani ya nyumbani. Ila sasa mama akiuliza nimekula nini, namjibu kilichokuwepo, naye ananijibu kilichokuwepo. Bonane iliyopita aliniambia, “Lengalenga tu, mwanangu, bila samaki.” Nilikosa usingizi usiku ule, lakini angalau nilijua.

Ninaweka kidogo kidogo pesa ya kinu kipya, kichongwe huko huko Uvira. Haijatosha bado. Mama ameshachagua mti.