Kuhakiki Jibu la Jozi ya Milinganyo

Kwa miaka mingi nimesahihisha mazoezi ya wanachuo wanaotafuta thamani za herufi mbili kutokana na milinganyo miwili. Nimeona kwamba kosa si jambo la ajabu. La ajabu ni kosa linalopita katika uhakiki bila kutambuliwa. Tuchukue jozi hii:

2x − y = 7 … (1)
3x − 2y = 8 … (2)

Katika njia ya kuweka badala, tunatafuta herufi iliyo peke yake, isiyozidishwa na namba. Hapa ni y ya mlinganyo wa kwanza, nayo hutupatia y = 2x − 7. Tunaiweka badala ya y katika mlinganyo wa pili, tukiifunga ndani ya mabano:

3x − 2(2x − 7) = 8
3x − 4x + 14 = 8
−x = −6

Basi x = 6, na y = 12 − 7 = 5.

Mwanachuo mmoja aliandika −14 mahali pa +14, kwa kusahau kwamba hasi mara hasi ni chanya. Akapata x = −22 na y = −51. Alihakiki kwa mlinganyo wa kwanza: −44 + 51 = 7. Akaridhika, akaweka alama ya vema.

Kwa nini uhakiki ule ulimdanganya? Kwa sababu y aliipata kutokana na mlinganyo ule ule. Thamani yoyote ya x, hata iliyo potofu, ingetoa y inayoukubali. Shahidi wa kweli ni mlinganyo wa pili: −66 + 102 = 36, wala si 8.

Katika njia ya kuondoa, tunazidisha mlinganyo wa kwanza wote kwa 2, kisha tunatoa ule wa pili:

4x − 2y = 14
3x − 2y = 8
x = 6

Tunatoa, wala hatujumlishi, kwa kuwa alama za 2y zinafanana. −2y ukiitoa −2y hubaki sifuri. Kosa la kawaida hapa ni kuzidisha upande wa kushoto tu na kuiacha 7 kama ilivyo. Hapo x huwa −1, na mlinganyo wa kwanza hutoa y = −9. Mlinganyo wa kwanza utakubali tena; wa pili utatoa −3 + 18 = 15, na kosa litafichuka.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, ubaoni usiandike neno «hakiki» pekee. Andika: herufi ya mwisho umeipata kwa mlinganyo upi? Basi hakiki kwa ule mwingine. Katika jozi yetu, 18 − 10 = 8, na jibu limethibitika.