Jino lako linajua ulizaliwa lini

Mtoto akifika miaka sita hivi, humwota gego la kwanza la kudumu nyuma ya meno ya utotoni. Wazazi wengi hudhani jino hilo ndiyo kwanza limeumbwa. Kumbe kichwa chake kilianza kujengwa ndani ya ufizi tangu siku za kuzaliwa, kikakamilika mtoto akiwa na miaka mitatu tu. Tabaka gumu la nje, yaani enameli, likishajengwa halibadilishwi tena. Mfupa hujikarabati maisha yote na ngozi huchubuka ikaota nyingine, lakini enameli ya mzee wa miaka sitini ni ileile ya utotoni.

Ndani ya enameli mna kaboni kidogo sana, haifiki hata sehemu moja katika mia. Kaboni hiyo ilitoka kwenye chakula. Mimea huivuta hewani, ng'ombe hula majani, mama hula na kunywa, na mtoto hunyonya. Kwa hiyo jino hubeba alama ya hewa ya miaka lilipojengwa.

Kwa kawaida alama hiyo isingesaidia kitu, kwa kuwa hewa haibadiliki haraka. Ila kati ya mwaka 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia hewani kwa majaribio, na milipuko hiyo ikazalisha kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi hafifu. Kiasi chake hewani kilikaribia kuwa maradufu. Mwaka 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuacha majaribio ya hewani, na kiasi hicho kikaanza kushuka mwaka hadi mwaka kwa sababu bahari na mimea viliendelea kuifyonza kaboni hiyo.

Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, wakiongozwa na Kirsty Spalding na Jonas Frisén, walionyesha kwamba alama hiyo inaweza kutaja umri. Jino hukatwa shingoni, kisha kichwa chake hulowekwa kwenye dawa kali hadi sehemu laini za ndani ziishe na enameli ibaki peke yake. Kaboni yake hupelekwa kwenye mashine inayohesabu atomi. Makadirio yao yalikosea kwa wastani wa mwaka mmoja na nusu hivi. Kwa mtu mzima, kuangalia mifupa na meno yalivyolika kunaweza kukosea miaka mitano hadi kumi.

Tofauti hiyo ni kubwa pale maiti inapookotwa bila jina. Polisi wakiambiwa tu kuwa marehemu alikuwa kati ya miaka thelathini na hamsini, orodha ya waliopotea haipungui. Wakiambiwa alizaliwa karibu na 1971, familia chache tu ndizo zitakazoulizwa.

Lakini kuna mtego. Tuseme gego la kwanza la marehemu aliyekulia Ulaya lina kaboni 14 iliyozidi kiwango cha kawaida kwa asilimia 40. Hewa ilipita kiwango hicho mara mbili: ikipanda, mwaka 1962, na ikishuka, karibu na 1974. Ukiondoa miaka mitatu ya kujengwa jino, alizaliwa ama 1959 ama 1971. Ni yupi?

Hapo huchukuliwa gego la mwisho, lile linaloota ukubwani, ambalo enameli yake hukamilika karibu na umri wa miaka kumi na miwili. Kama alizaliwa 1959, jino hilo lilikamilika 1971, na litakuwa na kaboni 14 nyingi kuliko gego la kwanza. Kama alizaliwa 1971, lilikamilika 1983 hewa ikiwa imeshuka sana, na litakuwa na kidogo. Meno mawili ya kinywa kimoja yanaamua jambo ambalo moja lisingeweza.

Njia hii ina mipaka yake. Waliozaliwa kabla ya 1943 hivi walikuwa wamemaliza kujenga enameli zote mabomu yalipoanza, hivyo meno yao hayana alama hiyo. Kusini mwa dunia kaboni hiyo ilichelewa kufika na haikupanda sana, hivyo jino la mtu aliyekulia huko likipimwa kwa hesabu za Ulaya litadanganya. Tena, jino lazima liharibiwe ili lipimwe, kwa hiyo si njia ya kumng'olea mzee aliye hai jino zima eti kwa sababu hana cheti cha kuzaliwa.

Na watoto wa leo? Kiasi cha kaboni 14 hewani kimerudi karibu na pale kilipokuwa kabla ya mabomu, na moshi wa mafuta na makaa ya mawe unazidi kukishusha. Gego linalojengwa sasa kwenye ufizi wa mtoto mchanga halitakuwa na alama nzito kama ya babu na bibi yake.