Paketi Moja, Tumpeko Mbili

Kazi yangu ni kuandika na kurekodi matangazo ya afya ya redio hapa Mbarara, na wasikilizaji ninaowafikiria zaidi wako Nakivale, kambi ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro. Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali huko wakikutana kisimani, mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Bango la afya likibandikwa ukutani kwenye kituo, nalipiga picha kwa simu, kisha nalifanya tangazo la kuimba la sekunde 45.

Nieleze bango moja, la kuhara kwa watoto.

Kwanza nalipiga picha nikisimama pembeni kidogo, bila mwanga wa simu, kwa sababu mabango yamefunikwa plastiki na mwanga huweza kufuta namba nzima. Napiga bango lote, kisha kila kona kwa karibu, pamoja na ukingo wa chini wenye jina la wizara na mwaka. Nikifika studio sianzi na wimbo. Naandika daftarini kila jambo ninaloliona na kulipa namba, hata yale yasiyo na maneno. Bango hili lilikuwa na chupa ya soda iliyopigwa alama nyekundu ya X: maana yake, mtoto anayehara asipewe soda. Lilikuwa na jua, mwezi, kisha jua tena: dawa iliyochanganywa ikifikisha saa 24 imwagwe. Msikilizaji haoni mchoro, kwa hiyo mchoro nao lazima upate sentensi yake.

Baada ya hapo napima. Sekunde 45 hubeba maneno kama 80 yakisomwa kwa utulivu, na orodha ya bango haitoshei humo. Kanuni yangu ni hii: jambo zima naweza kuliacha kwa tangazo lijalo, lakini jambo moja silikati nusu. Zinki ndiyo inayojaribu kanuni hiyo. Bango linasema kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10, lakini mtoto wa chini ya miezi 6 apewe nusu kidonge. Mtunzi wa wimbo hupenda "kidonge kimoja, siku kumi", maana inaimbika vizuri. Ukiimba hivyo tu, mama wa mtoto wa miezi 4 atampa dozi mara mbili. Kwa hiyo umri na kidonge hukaa pamoja, au zinki yote inangoja.

Kisha kuna vipimo. Paketi ya ORS ya bango hili huchanganywa na lita moja ya maji safi. Maji yakipungua, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Yakizidi, dawa inakuwa nyepesi na haimrudishii anachopoteza. Nyumbani watu hupima kwa tumpeko, kikombe cha plastiki cha nusu lita, hivyo lita moja ni tumpeko mbili zilizojaa. Lakini bango hilohilo linasema mtoto wa chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, na hapo kikombe ni kile kidogo cha chai. Vikombe viwili tofauti katika tangazo moja vingemchanganya mtu, basi kiasi cha kunywesha nikakipeleka kwenye tangazo la pili. Pia nilikwenda kituoni kutazama paketi zinazogawiwa, kwa sababu zipo za ujazo mwingine.

Hivi ndivyo ilivyotoka:

MAMA: Dada, mtoto anahara tangu asubuhi.
MHUDUMU: Chukua paketi moja ya ORS, maji safi tumpeko mbili zilizojaa.
WAIMBAJI: Paketi moja, tumpeko mbili!
MHUDUMU: Na zinki kila siku, siku 10. Miezi 6 na zaidi, kidonge kizima. Chini ya miezi 6, nusu kidonge.
WAIMBAJI: Siku 10, hata akipona!
MHUDUMU: Endelea kumnyonyesha. Akishindwa kunywa, akilegea, au ukiona damu kwenye choo, mpeleke kituoni sasa hivi.

Kabla ya kupeleka hewani, mhudumu wa afya wa kijiji husikiliza akiwa na picha ya bango mkononi, akitia alama kila namba. Kisha nawachezea akina mama. Siwaulizi kama wameelewa, kwa kuwa mgeni hujibiwa ndiyo. Naweka mbele yao paketi, ndoo ya maji, tumpeko na kikombe cha chai, nasema: "Mama, tuonyeshe." Mkono ukienda kwenye kikombe cha chai, au ukiishia tumpeko moja, narudi studio kurekodi upya, hata kama wimbo wenyewe wameshaushika wote.