Wimbo wa Kufungulia Duka

Dada yangu mdogo aliponiambia anafungua duka la rejareja huko Kayole, hakuniomba pesa. Aliniomba wimbo. "Kaka, wewe ndiwe mwalimu wa Kiswahili. Nataka siku hiyo tuimbe sote, na Baba akiwepo."

Hapo kwa Baba ndipo palipokuwa na mwiba. Shemeji alipofariki, mzee alitaka bintiye arudi mashambani. Yeye akakataa, akaichukua akiba yote aliyoachiwa akanunua unga, sukari, sabuni na mizani ya kupimia. Kwa miezi saba wawili hao hawakuwa wakisemezana ila kwa kutumia watu.

Nilikaa usiku mmoja nikatunga shairi la beti tano, mizani kumi na sita katika kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Nikajiona malenga. Jumamosi tukalifanyia mazoezi sebuleni kwangu. Lo! Watoto waliishia ubeti wa kwanza, na shangazi, ambaye hasomi, alinyamaza kabisa akiwa ameishika karatasi juu chini. Nilikuwa nimetunga shairi la kusomwa na mtu mmoja, nao waliniomba wimbo wa watu tisa.

Nikaanza upya. Safari hii nilitanguliza kiitikio: "Baraka karibu ndani". Ni silabi nane, ba-ra-ka-ka-ri-bu-nda-ni, nacho hakibadiliki mwanzo hadi mwisho. Anayekijua hicho tu anaujua nusu ya wimbo. Kiongozi naye nilimpa mistari ya silabi nane vilevile, inayokwenda miwili miwili kwa kina kimoja, ili sauti aliyoizoea mama yetu alipokuwa akitwanga iweze kuibeba bila kunyooshwa.

Mstari ulioharibika hujitaja wenyewe ukipiga makofi. Kila kofi hubeba silabi mbili, kwa hiyo makofi ni manne. Niliandika "Wateja watamiminika", na kila tulipofika hapo watoto walikimbiza maneno, kofi likabaki nyuma. Kuhesabu, kumbe ni silabi tisa! Nikasema "Wateja wamiminike", ikatulia, ingawa mwishowe niliufuta kwa kukosa mwenzake wa kina. Mpwa wangu wa Gredi ya Tatu alinibishia kuhusu "mlango", akidai nina silabi saba tu katika mstari wangu. Nikamwonyesha kwamba m ile husimama peke yake: m-la-ngo. Akaridhika, akawa ndiye mkaguzi wetu.

Ubeti wa madeni tuliugombania. Mimi niliandika "Asiye nacho tumpe". Dada akacheka hadi machozi: "Kaka, hilo duka litafungwa kabla ya mwisho wa mwezi!" Nikaubadilisha. Wimbo ukawa hivi, kila mstari wa kiongozi ukijibiwa na wote:

Mlango tumefungua,
*Baraka karibu ndani.*
Kwa jasho tumeinua,
*Baraka karibu ndani.*

Wa sukari ya kupima,
*Baraka karibu ndani.*
Mizani yetu ni wima,
*Baraka karibu ndani.*

Anayekopa alipe,
*Baraka karibu ndani.*
Na Mola naye atupe,
*Baraka karibu ndani.*

Mwanangu nakubariki,
*Baraka karibu ndani.*
Chuki moyoni siweki,
*Baraka karibu ndani.*

Ubeti wa mwisho ulikuwa wa Baba. Nakiri ulikuwa ujeuri, kumtilia mzee maneno kinywani. Nilimsomea kwa simu, naye akasema tu, "Nimesikia."

Siku yenyewe alikuja na koti lake la arusi na mazishi, akasimama karibu na magunia. Dada aliongoza beti tatu, sote tukiitikia, hata majirani waliokuwa mlangoni wakakidaka kiitikio mara ya pili. Kisha pakawa kimya. Mzee akakohoa. "Mwanangu nakubariki," akaimba kwa sauti nyembamba, nasi tukaitikia. Ikafika zamu ya mstari wa pili. Akafungua kinywa, asitoe neno. Nilihesabu kofi la kwanza, la pili, la tatu, la nne, moyo ukinidunda. Lakini watoto hawakungoja. Walipoyamaliza makofi manne, wakapaza kiitikio kana kwamba mstari umeimbwa, na katikati yake nikaisikia sauti ya Baba imo.

Mstari ule hajauimba hadi leo, wala hatujamuuliza.

Watu walipotawanyika alisogea kwenye kaunta, akaomba robo ya sukari. Dada alipima, akafunga, akakataa pesa. Mzee akaiweka noti juu ya mizani, akainama kuutazama mshale mpaka ukatulia.

"Anayekopa alipe," akasema, akangoja chenji yake.